Uzoefu wangu: chati ya maji na kaboni dioksidi niliyoinunua River Road

Kazi yangu ni kuhudumia mitungi ya kuzimia moto, na karakana yetu iko Industrial Area. Kila kijana anayekuja kujifunza kazi huuliza swali lilelile wiki ya kwanza: mbona mtungi wa poda una geji na ule wa kaboni dioksidi hauna? Nilichoka kueleza kwa mikono hewani. Ndipo nikanunua chati hii kwenye duka moja la uchapishaji karibu na River Road, shilingi 650, imepakwa plastiki pande zote mbili. Upande mmoja una mchoro wa hali za maji, wa pili una wa kaboni dioksidi. Nimeitumia miezi mitatu.

Nianze na kilichonifurahisha. Mizani ya kando, ile ya kanieneo, imepangwa kwa kuzidisha kwa kumi: 0.001, 0.01, 0.1, 1, 10, 100, zote kwa baa. Mtu asiyejua hilo hudhani kutoka 1 hadi 10 ni hatua sawa na kutoka 10 hadi 19, kisha anasoma vibaya kila kitu. Lakini bila mpango huo mchoro wa maji haungesomeka. Nukta ya utatu, pale barafu, maji na mvuke hukaa pamoja, iko kwenye baa 0.006 na nyuzi 0.01, ilhali nukta ya kikomo, pale mstari wa kuchemka unapokatika, iko kwenye baa 221 na nyuzi 374. Ukizipanga kwa rula ya kawaida, ile ya kwanza inalala kabisa sakafuni.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchora mstari wangu kwa kalamu nyekundu, kutoka kushoto hadi kulia, kwenye baa 0.83. Hicho ndicho kanieneo cha hewa yetu hapa Nairobi, kwa sababu tuko juu, na vitabu vingi hutumia cha pwani, yaani 1.013. Kwenye upande wa maji, mstari huo unapita juu ya nukta ya utatu. Ukiufuata kwenda kulia, joto likipanda, unatoka kwenye barafu, unaingia kwenye maji, halafu unakata mstari wa kuchemka kati ya nyuzi 94 na 95. Nilitia kipimajoto kwenye sufuria ya chai, kikasimama hapohapo.

Sasa geuza chati. Nukta ya utatu ya kaboni dioksidi iko kwenye baa 5.18 na nyuzi 56.6 chini ya sifuri. Mstari wangu mwekundu unapita chini yake. Ukiufuata, unatoka kwenye yabisi na kuangukia gesi, bila kugusa kiowevu popote. Ndiyo maana barafu kavu, yaani kaboni dioksidi yabisi, haiachi maji mezani. Pwani hugeuka gesi kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na hapa kwetu karibu 81 chini, kwa kuwa kanieneo chetu ni kidogo.

Kijana wangu hakuniamini kwamba kaboni dioksidi inaweza kuwa kiowevu, ingawa tunaijaza kwenye mitungi kila siku. Basi tulinunua barafu kavu kidogo, tukavaa miwani na glavu, tukafungua milango yote. Tuliifunga kwenye kitambaa, tukaiponda kwa nyundo. Nikakata mdomo wa pipeti ya plastiki laini, nikatia vipande vinane hivi vya ukubwa wa punje ya mchele, nikakunja shingo na kuibana kwa koleo, kisha nikatumbukiza tumbo lake kwenye kikombe cha plastiki chenye maji ya mfereji. Usifanye hivi kwa chupa yoyote, wala kwa kikombe cha glasi. Ile plastiki laini ndiyo inayopasuka kabla mambo hayajawa mabaya, na hata hivyo inapasuka kwa kishindo.

Kwa sekunde chache hakuna kilichoonekana. Gesi ilikuwa inajaa, na tulikuwa tunapanda ule mstari wa chini, wa yabisi na gesi, kutoka baa 0.83 kuelekea 5.18. Halafu vipande vikalainika kingo, na ghafla kiowevu safi kama maji kikawa kinachemka ndani ya pipeti. Nikalegeza koleo kidogo. Gesi ikafoka, kiowevu chote kikageuka theluji nyeupe kwa mara moja. Nikabana tena, kikayeyuka tena. Mara ya tatu kijana akainama karibu na kikombe.

“Fundi, mbona vipande vinazama? Barafu si huelea?”

Swali hilo ndilo lililoniumbulia kasoro ya chati. Mstari unaotenganisha yabisi na kiowevu huelemea upande kulingana na hali ipi ni nzito kwa ujazo uleule. Kanieneo husukuma kitu kwenye hali iliyoshikamana zaidi. Barafu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mstari wa maji huinuka ukielemea kushoto. Yabisi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko kiowevu chake, ndiyo maana ilizama, na mstari wake lazima uelemee kulia. Chati yangu imechora yote miwili kushoto. Bila shaka aliyeichora alinakili ule wa maji. Niliinua simu nikamweleza muuzaji, akasema ataangalia. Nimeusahihisha mwenyewe kwa kalamu isiyofutika.

Turudi kwenye geji. Weka kidole kwenye nyuzi 20 upande wa kaboni dioksidi, panda wima hadi ukutane na mstari wa kiowevu na gesi: baa 57 hivi. Maadamu ndani ya mtungi kuna tone la kiowevu na gesi juu yake, uko kwenye mstari huo, na kanieneo kinaamuliwa na joto peke yake. Mtungi uliojaa unasoma 57, uliobaki nusu unasoma 57. Geji ingekudanganya mpaka kiowevu kiishe. Mchoro wenyewe hauonyeshi kiasi, na huo ndio mpaka wake.

Kwa hiyo tunapima uzito. Juzi mteja alileta mtungi wa kilo 5 akiapa haujawahi kuguswa. Uzito wake mtupu ulichongwa kilo 9.6, maana yake ukijaa uwe 14.6. Mzani ulionyesha 12.1. Kilo 2.5 zilikuwa zimevuja kwenye vali, nusu nzima, na sisi hujaza upya ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kuna sehemu moja, ile iliyo ng'ambo ya nukta ya kikomo ya kaboni dioksidi, chati imeiacha tupu na ningeomba iandikwe. Mstari huo wa kiowevu na gesi unakatika kwenye nyuzi 31 na baa 73.8. Kwa maji, nukta ya kikomo ni habari ya mitambo ya stima, lakini kwa kaboni dioksidi iko kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Kupita hapo hakuna tena kiowevu wala gesi vilivyotengana, ile kanuni ya kanieneo kimoja kwa kila joto haifanyi kazi, na kanieneo hupanda kulingana na jinsi mtungi ulivyojazwa. Ukizidishwa, kisahani cha usalama kinapasuka.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Uchapaji ni imara, mafuta ya karakana yanafutika, na namba za nukta zote nne ni sahihi. Kabla hujalipa, geuza upande wa kaboni dioksidi utazame ule mstari wa yabisi na kiowevu unaelemea wapi.