MEMORY_MANAGEMENT au CRITICAL_PROCESS_DIED: uanze kukagua wapi?

Skrini ya bluu ikiandika MEMORY_MANAGEMENT (0x1A), anza na RAM. Zima XMP kwenye BIOS kwanza, maana kasi ya RAM inayopandishwa nayo huwa chanzo cha kawaida. Kisha endesha `mdsched.exe`. Kipimo hiki hupitwa na hitilafu ndogo, kwa hiyo kikisema salama usiamini haraka: acha kijiti kimoja tu cha RAM, tumia mashine kama kawaida, halafu badilisha kijiti, kisha tundu. Makosa yakifuata kijiti, umepata mbovu. Yakifuata tundu, shuku ubao mama. Yasipofuata chochote, geukia madereva ya vifaa.

CRITICAL_PROCESS_DIED (0xEF) ni kesi nyingine: programu ambayo Windows haiwezi kuishi bila yake, mfano `csrss.exe`, imekufa. Hapa tazama diski mapema. Dalili moja ya tatizo la diski ni folda `C:\Windows\Minidump` kubaki tupu kila mashine inapoanguka. Huenda SSD ilitoweka kabla ripoti haijaandikwa. BIOS isipoiona mpaka uzime umeme kabisa, shaka inazidi: nakili mafaili yako kwanza. Diski ikiwa nzima, fungua Command Prompt kama msimamizi, urekebishe mafaili ya mfumo kwa mpangilio huu:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
```