Nilivyotumia huduma ya meseji za jumla kuahirisha semina yetu Uyole: nyota tatu na nusu

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Mbeya. Mwezi Juni 2025 tulikuwa na semina ya siku moja Uyole, Jumamosi tarehe 14. Watu 143 walijiandikisha na kila mmoja alilipa shilingi 15,000. Siku tatu kabla, mwenye ukumbi akanipigia kwamba kuna wakubwa wameuhitaji, tutafute siku nyingine. Ndiyo hapo nilipoijaribu kwa mara ya kwanza, kwa jambo zito, huduma ya kutuma meseji kwa watu wengi iliyokuwa kwetu tangu mwaka uliotangulia. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamikia, na mengi ya kulalamikia yalianzia kwangu mwenyewe.

Kwanza nililosifu. Niliandika tangazo kwenye Microsoft Word, herufi 290, nikalinakili kwenye tovuti yao na kupakia faili la namba. Kabla ya kutuma, kioo kikanionyesha kuwa zinahitajika meseji 715, na salio langu ni 500. Nikadhani wananiibia. Meseji moja ni herufi 160, na ikiwa ndefu zaidi hukatwa vipande vya herufi 153, kwa hiyo herufi 290 ni vipande viwili, mara watu 143 ni 286. Sasa hizo 715 zimetoka wapi?

Nilipopiga simu, binti wa huduma kwa wateja akaniuliza swali moja tu: "Kaka, neno ng'ombe umeliandikia wapi?" Kumbe Word huikunja ile alama ya juu baada ya ng, nayo alama iliyokunjwa haimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo, na kila kipande hubeba herufi 67 badala ya 153. Herufi 290 zikawa vipande vitano kwa kila mtu. Nilifuta alama nikaiandika upya palepale kwenye tovuti, iliyonyooka, hesabu ikashuka hadi 286. Emoji nayo hufanya vilevile, kwa hiyo yule mjumbe wetu anayependa kuweka mikono ya kuomba mwishoni mwa kila tangazo tulimwomba apumzike. Kile kioo cha kuhakiki peke yake nakipa nyota mbili.

Nilituma Jumatano saa 12:40 jioni, baada ya watu kukamua. Tangazo liliwataka wachague kwa herufi tarehe mpya au kurudishiwa fedha, nikakaa na simu nikisubiri majibu. Saa mbili zikapita, kimya. Halafu akapiga mzee mmoja wa Kyela.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmeniambia nijibu A, B au C. Najibu, simu inakataa. Mnataka nijibu kwa nani?"

Hapo nikashika kichwa. Meseji zetu hutoka kwa jina la kikundi, siyo kwa namba. Jina hilo haliwezi kuzidi herufi 11, linaonekana vizuri na watu huliamini, lakini halijibiwi. Huduma ya kupokea majibu wanayo, ila ni kwa namba fupi inayolipiwa kando na kuombwa mapema. Tovuti ilihesabu herufi zangu vizuri sana, ila hakuna mahali iliponionya kuwa natuma swali lisiloweza kujibiwa. Nyota moja na nusu niliyokata iko hapo. Ikabidi nitume meseji ya pili, fupi, ya kipande kimoja, kuwapa namba ya simu ya kikundi. Salio likabaki 71.

Ningeanza upya, ujumbe ungekuwa hivi, na namba ndani yake:

"Semina ya ng'ombe Uyole Jumamosi 14/6 IMEAHIRISHWA, usije. Tuma herufi moja kwa namba (ya kikundi). A: Jumamosi 28/6. B: Jumatano 2/7. C: nirudishiwe 15,000. Mwisho Alhamisi 19/6 saa 12 jioni. Usipojibu nafasi yako inabaki."

Neno la kuahirishwa liko mwanzoni kwa sababu wengi husoma mstari unaoonekana bila kufungua. Rasimu yangu ya awali ilianza na salamu na pole za uongozi, na mtu angeweza kupanda basi Makambako kabla hajafika kwenye habari yenyewe.

Ripoti ya kufika nayo isikudanganye. Kwangu ilisema 131 DELIVERED, 9 PENDING na 3 FAILED. Zile tatu zilikuwa makosa yetu, namba moja ilikuwa na tarakimu tisa. Zile tisa simu zilikuwa zimezimwa. Hao 12 tuliwapigia mmoja mmoja, wengine kupitia jirani. Na DELIVERED maana yake simu imepokea, siyo kwamba mtu amesoma, kwa hiyo tuliwapigia pia wote wa mbali ambao hawakuwa wamejibu hadi Ijumaa asubuhi. Mzee mmoja wa Tukuyu simu yake hukaa na mjukuu. Alikuwa ameshanyoosha suti. Aliponielewa akasema tu "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akakata.

Majibu yalikuwa 71 kwa A, 33 kwa B, 19 kwa C, na 20 hawakusema kitu. Tukachukua tarehe 28. Hapa kuna kosa ambalo huduma yoyote haiwezi kukuondolea: waliochagua B hawakuwa wamekubali A. Tuliwauliza tena, na sita kati yao wakaomba fedha. Waliorudishiwa wakawa 25, jumla shilingi 375,000.

Kurudisha ndiko kulikotutoa jasho. Mfumo wa meseji haujui nani alilipa nini, unajua namba tu. Malipo yaliingia kwa simu, na wengine walilipiwa na watoto, au jirani mmoja aliwalipia watatu. Mhazini alichapa taarifa ya miamala, tukaoanisha kila jina na kumbukumbu namba ya muamala, tukakubaliana kuwa fedha inarudi kwenye namba iliyolipa. Mama mmoja wa Isongole alikasirika sana kwa sababu kijana wake wa Dar ndiye aliyemlipia, na yeye alitaka ije kwake. Tulimpigia kijana mbele yake, simu ikiwa kwenye spika.

"Mwanangu, hela ya semina ije kwangu au kwako?"

"Mama chukua wewe, nunua pumba."

Ndipo tukatuma kwake, na kwenye daftari tukaandika kwamba mlipaji ameridhia. Wote tuliwatumia na ya kutolea, maana kuahirisha tulitaka sisi na siyo wao. Wajumbe wawili walipinga hilo, tukapiga kura, wakashindwa.

Waliobaki 118 tulihitaji kuwathibitishia tarehe 28 na saa ya kuanza, ambayo tuliiweka saa 4 asubuhi ili watu wakamue kwanza. Salio la 71 halikutosha, nikanunua meseji 100 nyingine, zikaingia ndani ya dakika chache. Safari hii namba ya kikundi niliiandika kabla ya kitu kingine chochote.