Bolti, nati na washa za mashine ya kusaga: kabla ya kununua nati ya kufunga, itazame washa bapa

Malalamiko ninayoletewa na wenye mashine za kusaga wa Tandahimba, Newala na Nachingwea yanafanana sana, na la karibuni lilitoka kwa mama mmoja mwenye kinu cha nyundo kinachoendeshwa kwa mota. Alikuwa amebadilisha nati zote nne za mota na kuweka zile za kufunga zenye nailoni ndani, lakini baada ya siku chache mota ilianza kutembea juu ya fremu, na mkanda ukalegea na kunuka. Nilimwomba akaze upya, achore mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba la fremu, asage kama kawaida, kisha atazame. Mstari ulibaki umenyooka. Nati haikuwa imezunguka hata kidogo, na hata hivyo mota ilicheza ukiishika kwa mkono.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba bolti hulegea kwa njia mbili, nati kuzunguka na kilicho chini yake kudidimia, na duka huuza dawa ya ile ya kwanza tu. Bolti inapokazwa hunyooka kidogo sana, na kule kujivuta kurudi ndiko kunakobana miguu ya mota kwenye fremu. Mbano ukiwa mkubwa, msuguano huzuia mguu kuteleza. Mbano ukipungua, mguu huanza kuteleza pembeni kwa kila mtetemo, na huo mtelezo wa pembeni ndio unaofungua nati, kama mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alivyoonyesha mwaka 1969. Kwa hiyo nati ya kufunga hushughulikia hatua ya mwisho, ilhali hasara kwa kawaida imeanza mapema, pale chuma laini au rangi nene iliyo chini ya nati ilipodidimia.

Tuchukue bolti ya M12, yaani yenye unene wa milimita 12, ya daraja la nguvu la 8.8, ambayo ndiyo niliyoikuta kwenye kinu chake. Ikikazwa vizuri hubana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 3.7. Ikiwa vipande vinavyobanwa vina unene wa milimita 20 kwa jumla, bolti hunyooka kiasi cha milimita 0.04 tu. Washa laini na rangi vikididimia milimita 0.02, nusu ya mbano imekwenda, na hakuna nati iliyozunguka. Weka chini ya nati bushi ya chuma kinene yenye urefu wa milimita 40 na bolti ndefu inayolingana nayo, ili urefu unaobanwa uwe milimita 60. Sasa bolti hunyooka karibu milimita 0.13, na kudidimia kulekule kunaondoa takriban sehemu moja tu ya sita. Bushi iliyokatwa kwenye bomba nene, ikasawazishwa nyuso zake zote mbili, hufanya kazi ambayo nati ya gharama haiwezi kuifanya.

Hii ndiyo sababu kitu cha kwanza kwenye orodha yangu ni washa bapa ngumu, inayoandikwa kipimo cha ugumu cha 200 HV kwenye pakiti, pamoja na bolti ndefu ya 8.8. Washa nyingi zinazomwagwa kwenye makopo ya dukani zimekatwa kwenye bati laini. Ukiwa na tupa ndogo utazitambua papo hapo, kwa maana ile laini huliwa upesi, ilhali ile ngumu huikataa tupa zaidi. Iliyokwisha kutumika hujieleza yenyewe: geuza upande uliokuwa chini ya nati, na ukiona duara lililochimbika, au washa imepinda kama sahani kuelekea kwenye tundu, basi mbano wako ulipotelea hapo. Unga wa rangi ya kutu kuzunguka washa nao unaonyesha kwamba vyuma vilikuwa vikisuguana. Kwangua rangi yote mahali washa inapokaa, na kama tundu la fremu ni refu kwa ajili ya kuvuta mkanda, tumia washa pana na nene zaidi.

Nafasi ya pili, na hapa sifichi upendeleo wangu, naipa washa za Nord-Lock za kutoka Sweden. Huuzwa kwa jozi, na nyuso zake za ndani zina ngazi ambazo mwinamo wake unazidi ule wa nyuzi za bolti, hivyo nati ikijaribu kurudi nyuma inalazimika kuivuta bolti zaidi. Zimetengenezwa kwa chuma kigumu na zinalinda mbano wenyewe. Sharti lake ni kwamba zishike chuma moja kwa moja. Ukiziweka juu ya washa bapa inayoweza kuzunguka, au juu ya tundu refu lisilo na bamba imara, umetupa fedha. Kiasi cha kukaza kichukuliwe kwenye jedwali la mtengenezaji.

Baada ya hizo naweka gundi ya nyuzi, Loctite 243, kwa bolti ambazo hazifunguliwi mara kwa mara. Nyuzi zisafishwe, kisha mashine iachwe saa 24 kabla ya kusaga. Gundi ikishakauka usiikaze nati zaidi, kwa kuwa utaivunja. Nati ya nailoni inafuata. Inazuia nati kudondoka, na hilo lina thamani yake, lakini haitunzi mbano, na isiwekwe karibu na ekzosi ya injini ya dizeli kwa sababu nailoni haivumilii joto la zaidi ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Spring washa ni ya mwisho: bolti ya 8.8 ikikazwa ipasavyo huilaza bapa kabisa, na ikishalala haina tena chemchemi ya kusaidia.

Kuhusu kukaza nati isiyotiwa gundi, paka nyuzi na uso wa nati mafuta kidogo, kisha ikaze M12 ya 8.8 kwa nyutoni mita 65. Ikiwa kavu kabisa, mbano uleule hudai karibu 88, na tofauti hiyo yote huliwa na msuguano. Ndiyo maana kukaza kwa kukisia nguvu za mkono hakuaminiki. Usipokuwa na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, funga kwenye mkono wa spana mizani ya kuning'iniza, nusu mita kutoka katikati ya nati, na uivute kwa pembe mraba hadi isome kilo 13 nati ikiwa bado inasogea. Kwa nati ya nailoni, pima kwanza mizani inasoma ngapi nati ikizunguka bila kubana kitu, kisha uongeze kiasi hicho. Saga kwa saa chache, zima, kaza tena kwa kipimo kilekile, ndipo uchore mstari wa rangi.

Jambo linalonikera ni jinsi bidhaa hizi zinavyouzwa hapa kwetu. Bolti zisizo na alama huchanganywa na za 8.8 katika ndoo moja, zikapimwa kwa kilo na kulipishwa bei ya 8.8, mteja akiuliza tofauti huongezewa spring washa kama zawadi, akaambiwa kwamba haitalegea tena. Geuza kichwa cha kila bolti kabla ya kulipa. Bolti halali ya 8.8 hubeba namba hiyo pamoja na alama ya kiwanda, na yenye namba bila alama ya kiwanda irudishe. Yule mama wa Tandahimba alikuta bolti mbili kati ya nne hazina alama yoyote, ingawa alilipia zote kwa bei moja, na muuzaji alikataa kuzibadilisha kwa sababu zilikuwa tayari zimekwaruzwa na spana.