Seti ya meza "ya wageni" iliyonimwagia mgeni maji

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike, ila naona hazijapoa sana.

Nilinunua seti iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ni ya wageni na ni pamba tupu: kitambaa cheupe cha meza, kile chembamba cha katikati chenye rangi nyekundu iliyoiva na tarizi nene pembezoni, na napkini sita. Meza yangu ina urefu wa sentimita 180 na upana wa 90. Kitambaa kilikuwa 240 kwa 150, kwa hiyo kilining'inia sentimita 30 kila upande, na kwa meza ya wageni huo ni mning'inio mzuri kabisa. Hapo sina neno.

Balaa lilikuwa kile cha katikati. Upana wake ni sentimita 40. Ukitoa 40 kwenye 90, kila upande unabakiwa na 25 tu. Sahani kubwa ya chakula ina kipenyo cha kama 27, nayo unaiweka sentimita mbili ndani ya ukingo wa meza, kwa hiyo ukingo wake wa mbele unapanda juu ya tarizi. Na glasi huwekwa mbele kidogo ya sahani, kuliani, mahali palepale tarizi inapoishia! Glasi ya mgeni wangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, ilikaa nusu juu ya tarizi na nusu chini. Alipogusa uma tu, ikalala.

Sote tukanyakua napkini. Hazikunyonya hata tone. Tulikuwa tunayasukuma maji kutoka hapa kwenda pale, mwishowe yakashukia mapajani mwake. Na kile chekundu kikachuja hapohapo, kikaacha michirizi ya waridi kwenye kitambaa cheupe.

Siku chache baadaye nikairudisha dukani. Muuzaji hakuifungua hata pakiti. Akasema kwa sauti, wateja wengine wakisikia: "Dada, hivi ni vitu vya kupambia, si vya kupangusia." Nikamwambia vipimo vya kile cha katikati havifai kwa meza inayoliwa. Akajibu, "Kwani wageni wako wanakuja kupima meza?" Kisha akamgeukia mteja mwingine kana kwamba mimi sipo. Kauli hiyo bado inaniunguza. Napkini isiyopangusa ni ya kazi gani?

Nilivyofika nyumbani nikachomoa uzi mmoja wa napkini nikauchoma juu ya sinki. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Huu uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kishanga kigumu cheusi. Poliesta! Dukani huwezi kuchoma uzi, lakini unaweza kukifumbata kitambaa ngumini kwa nguvu kisha ukakiachia: pamba au kitani kitabaki na mikunjo, poliesta itanyooka karibu kama ilivyokuwa. Na kile cha rangi, kisugue na kitambaa cheupe chenye unyevu upande wa nyuma. Kikiacha rangi, kirudishe kwenye rafu.

Sasa niseme haki. Kile kitambaa cheupe nilikifua, nikakiweka kwenye meza ya kila siku, na kwa kazi hiyo ni kizuri mno. Hakisinyai, pasi hakiitaki, maji yakimwagika unapitisha sponji. Ila mafuta uyawahi mapema, maana poliesta ikishayashika haiachii kirahisi. Cha pamba cha ukubwa uleule kikisinyaa asilimia 5 kwenye mafuo ya kwanza, zile 240 zinakuwa 228, na mning'inio wa mwishoni unashuka kutoka 30 hadi 24. Kwa hiyo ya pamba nunua kubwa zaidi kidogo. Juu ya hiki cha kila siku naweka vikeka vya sahani tu, katikati pakavu, na glasi zinasimama wima.

Kwa wageni nimeshona mwenyewe cha katikati, upana sentimita 30, theluthi ya meza, pindo bapa bila tarizi. Kila upande zinabaki 30, sahani inalala sawasawa. Napkini ni za pamba, nimezifua mara kadhaa kabla ya kuzitumia, maana mpya huwa na dawa ya kiwandani inayozuia maji kuingia.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kuipa seti nyota tatu kwa ajili ya kile kitambaa cheupe. Lakini nimeikumbuka pakiti iliyoandikwa pamba, na sauti ya yule bwana. Naipa moja, na ile moja ni ya kitambaa. Duka halipati kitu.