Ada sifuri, lakini zinafika ngapi? Uzoefu wangu na apu mbili za kutuma pesa Kenya

Niko Uingereza, na kila mwezi natuma pesa kwa mamangu Likoni, zinaingia moja kwa moja kwenye M-Pesa yake. Simu yangu ina apu mbili za kazi hiyo. Majina yake siyataji, maana ninachotaka kukieleza ni skrini moja tu, ile inayotokea kabla hujabonyeza kitufe cha mwisho, na skrini hiyo inafanana karibu kila apu. Utaona kiasi unachotuma, ada, kiwango cha kubadilishia pauni kwa shilingi, na chini kabisa kiasi atakachopata mpokeaji.

Apu ya kwanza hujigamba kwa ada. Imeiandika kwa kijani, 0.00, nene hivyo huwezi kuikosa. Kiwango kipo chini yake kwa maandishi madogo ya kijivu: `1 GBP = 167.40 KES`. Apu ya pili inakwambia wazi kwamba itakata pauni 2.10, kisha inaweka kiwango cha 173.00. Ukiangalia haraka unaona moja ni ya bure na nyingine inakula pesa yako.

Sasa tuwape zote mbili pauni 200. Ya kwanza haikati chochote, kwa hiyo 200 mara 167.40 ni shilingi 33,480. Ya pili inatoa 2.10 kwanza, zinabaki 197.90, ukizidisha kwa 173.00 unapata shilingi 34,236 na senti. Ile ya "bure" imempunguzia mama zaidi ya shilingi 750. Kwa mamangu hizo ni mboga za siku kadhaa, na hakuna mahali popote kwenye skrini palipoandikwa kwamba zimekatwa.

Zimekatwa ndani ya kiwango. Siku hiyo pauni sokoni ilikuwa shilingi 173.20, kile kiwango cha kati ambacho benki huuziana na kununuliana sarafu. Ukikitafuta Google utakipata, na Benki Kuu ya Kenya nayo huweka kwenye tovuti yake viwango vya kila siku vya kulinganishia. Kwa kiwango hicho pauni 200 zingekuwa shilingi 34,640. Apu ya kwanza imeniachia 33,480, yaani imebaki na shilingi 1,160, karibu pauni 6.70. Ya pili, ukijumlisha ada yake na kile kidogo ilichochukua kwenye kiwango, imebaki na kama pauni 2.30. Silalamiki kwamba wanachukua, hiyo ni biashara na mishahara wanalipa. Ninachokikataa ni kuita sifuri kitu ambacho si sifuri.

Kwa hiyo mimi ada sianzi nayo, wala kiwango. Nachukua shilingi atakazopata mpokeaji, nagawanya kwa pauni zote zitakazotoka kwenye kadi yangu. Apu ya kwanza inanipa 167.40 ile ile. Ya pili inanipa 171.18. Namba hiyo moja imeshabeba ada na kiwango kwa pamoja, na iliyo kubwa ndiyo nafuu. Angalizo dogo hapo: nimesema pauni zote zitakazotoka. Kuna apu ambazo ukiandika 200 zinakata ada ndani ya hizo 200, na nyingine zinaongeza ada juu, kadi ikatozwa 202.10. Angalia mstari wa jumla ya kulipa, usishike kile ulichoandika juu.

Hata hivyo ile ya kwanza sijaifuta. Mpwa wangu akitaka vocha na nauli namtumia pauni 20, na hapo hesabu inageuka. Apu ya kwanza inampa shilingi 3,348. Ya pili ikishatoa 2.10 zinabaki 17.90, anapata 3,096. Ada isiyobadilika inauma pesa ndogo, kiwango kibaya kinauma pesa kubwa. Kwa namba hizi zangu mpaka uko karibu na pauni 65: chini ya hapo natumia ya kwanza, juu ya hapo ya pili. Namba zako zitakuwa nyingine, na kuna apu ambazo ada yake hupanda kadiri unavyotuma zaidi, kwa hiyo gawanya upya kila mara.

Kilichoniudhi kweli kwenye apu ya kwanza ni ofa ya wageni. Wifi yangu alijiunga juzi, tukakaa naye kochi moja, kila mtu na simu yake. Yake ilisoma 175.00, juu hata ya soko. Yangu, dakika ile ile, 167.40. "Dada, wewe wanakuibia," akacheka. Tukashuka pamoja hadi maandishi ya chini: kiwango hicho ni cha muamala wa kwanza, na kwa pauni 300 za mwanzo tu. Akituma 500, zile 200 zinazozidi zinahesabiwa kwa kiwango cha sisi wakongwe, na baadaye zote. Ofa aitumie, nani anakataa cha bure, ila asiipime apu kwa hiyo.

Ukibadilisha njia ya kupokea, skrini nayo hubadilika. Nikihama kutoka M-Pesa kwenda kuchukua taslimu dirishani, kiwango cha apu ya pili hushuka kidogo bila kelele, kwa hiyo chagua njia kwanza ndipo usome namba. Njia ya kulipia nayo ina lake. Kadi ya kawaida ya benki haijanisumbua, lakini ukilipa kwa kadi ya mkopo, benki yako inaweza kuhesabu kwamba umekopa pesa taslimu, ikakutoza ada yake na riba kuanzia siku hiyo. Makato hayo huyaoni kwenye skrini ya apu hata kidogo, yanakuja kwenye taarifa ya kadi. Na ukilipa kwa kuhamisha kutoka benki, tafuta kama kiwango kimeshikiliwa na hadi saa ngapi. Pesa ikichelewa kufika kwao kupita muda huo, wanaweza kukipiga hesabu upya kwa kiwango cha wakati huo.

Halafu kuna kinachotokea Likoni kwenyewe. Kiasi cha mpokeaji ni kile kinachoingia kwenye laini, si kile anachoshika mkononi. Mama akilipa dukani kwa namba ya Till hakatwi kitu. Akienda kwa wakala kutoa chochote kati ya shilingi 20,001 na 35,000, ada ya kutoa ni 197. Akihitaji 34,000 mkononi kwa fundi wa paa, mimi huanza na kisanduku cha chini: naandika 34,197 kwenye sehemu ya mpokeaji na kuiacha apu ijaze ya juu. Kwa kiwango cha 173.00 ilinitoa pauni 199.77 pamoja na ada. Apu ya kwanza kisanduku cha chini hakiandikiki, lazima ubahatishe juu hadi upate. Kwa hilo peke yake naipa nyota mbili. Ya pili naipa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kile kiwango cha taslimu wanachokishusha kimyakimya.