Msimu mzima na TimescaleDB kwenye maghala ya korosho Mtwara

Natunza mfumo wa maghala matatu ya korosho huku Mtwara. Kila ghala lina vihisi 16 vya joto na unyevu, na kila kihisi kinatuma kipimo kila baada ya sekunde 10. Piga hesabu: vihisi 48 vinaleta mistari 414,720 kwa siku. Kwa msimu wa miezi minne hiyo ni karibu milioni 50.

Mwanzoni vyote vilikuwa kwenye jedwali moja la PostgreSQL, pamoja na stakabadhi na majina ya wakulima. Kuandika hakukuwa na shida hata siku moja. Kusoma ndiko kulikotuumbua. Meneja wa ghala akitaka kuona grafu ya kihisi kimoja kwa mwezi, anasubiri sekunde 40. Siku moja akaniambia, "Fundi, mimi nakwenda kunywa chai, grafu ikifika niite."

Nilidhani faharasa imekosekana, kumbe ipo. Nilipoendesha `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` ndipo nikaona: ili kupata mistari 259,200 ya kihisi kile, PostgreSQL ilisoma kurasa karibu 79,000 za KB 8, yaani zaidi ya MB 600. Sababu ni kwamba mistari inakaa kwa mpangilio wa kuwasili. Ukurasa mmoja unabeba mistari kama 150, na ya kihisi ninachokitaka ni mitatu tu, mingine yote ni ya wenzake. Faharasa inakuonyesha mistari ilipo, lakini haiwezi kuisogeza ikae pamoja. Seva yetu ina memori ya GB 2, kwa hiyo kila grafu ilikuwa safari ya kwenda kwenye diski.

Nikahamia kanzidata maalumu ya vipimo vya muda, inayojitegemea kabisa. Grafu zikawa za haraka, lakini nikaharibu mwenyewe: kila kipimo nilikipa lebo ya namba ya stakabadhi ya mzigo uliolala karibu na kihisi. Kwenye kanzidata ile, kila mchanganyiko mpya wa lebo ni mfululizo mpya, na faharasa yake inakaa kwenye memori. Mifululizo 48 ikaongezeka mno, memori ikajaa, huduma ikawa inajizima usiku. Nikaondoa lebo, ikatulia. Hapo likazuka lingine. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anauliza mzigo wa Nanyamba ulikaa kwenye unyevu gani, mimi nachota stakabadhi huku, vipimo kule, naviunganisha kwa mkono. Swali la mstari mmoja likawa kazi ya asubuhi nzima.

Msimu huu nimetumia TimescaleDB, ambayo ni kiendelezi cha PostgreSQL ileile. Jedwali jipya la vipimo niliandaa hivi:

```sql
SELECT create_hypertable('vipimo', 'muda');
ALTER TABLE vipimo SET (
  timescaledb.compress,
  timescaledb.compress_segmentby = 'kihisi_id');
SELECT add_compression_policy('vipimo', INTERVAL '14 days');
```

Jedwali linakatwa vipande vya siku saba saba, na kipande kikipita siku 14 kinabanwa. Siri yote iko kwenye `segmentby`: wakati wa kubana, vipimo vya kihisi kimoja vinakusanywa pamoja, hadi 1,000 kwa fungu. Kwenye vipande vilivyobanwa, ule mtawanyiko ukaisha. Grafu ya mwezi uliokwisha kubanwa sasa haifiki sekunde moja, na swali la mzigo wa Nanyamba ni JOIN ya kawaida tu.

Kasoro zipo. Ufunguo wa msingi lazima ujumuishe safu ya muda. `id` peke yake inakataliwa. Pia ghala la Masasi likikatikiwa mtandao kwa muda mrefu, vipimo vinavyochelewa vinaingia kwenye kipande kilichokwisha kubanwa. Vinaingia, ila kwa kujikokota.

Nilishawishiwa pia kuongeza injini ya utafutaji kwa sababu ya majina: Hamisi, Khamis, Hamis, wote mtu mmoja. Kiendelezi cha `pg_trgm`, kinachopima maneno yanavyofanana, kimenitosha. Kanzidata ya grafu, ile ya kufuata viungo kati ya vitu na si ya kuchora, sikuigusa, maana njia ya mzigo kutoka kwa mkulima hadi kwa mnunuzi ina hatua nne zinazojulikana. Ningekuwa sijui idadi ya hatua, ningeanza na `WITH RECURSIVE` kabla ya kununua seva nyingine.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya leseni: ubanaji uko kwenye toleo la Community, si lile la Apache, na huduma nyingi za PostgreSQL ya kukodi zina hilo la Apache tu. Kabla hujalipa, andika `SHOW timescaledb.license;`. Ukiona `apache`, hapo hakuna kubana, na sekunde zako 40 zinakusubiri.