Kuposti kila siku au mara tatu kwa wiki: ratiba mpya

Jamani wote, baada ya kukagua hatua za kazi yetu tulibaki na njia mbili mezani, na nimechagua ya pili.

Ya kwanza ni kuendelea kuposti kila siku, ila tuongeze mhariri mmoja. Uzuri wake ni kwamba habari inatoka ikiwa bado ya moto, lakini ukaguzi umeonyesha kinachochelewesha sio uandishi, ni posti kukaa inasubiri kuidhinishwa, na anayeidhinisha ni mmoja tu, so mhariri wa pili angerefusha tu foleni kwake.

Ya pili ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi, kila kitu kiwe kimeshapangwa kwenye mfumo jana yake. Chukulia posti ya Ijumaa: mwandishi anaikabidhi Jumanne mchana, mhariri anairudisha Jumatano asubuhi, wa picha anaanza hapo hapo (sio kabla, maana kichwa kikibadilika anarudia picha nzima), Alhamisi saa nne naidhinisha, mchana inapangwa.

Kwa hiyo waandishi, hakuna tena kunitumia rasimu usiku wasapu. Wa kujibu maoni, kazi yenu inahamia asubuhi za siku za posti, siku nyingine mnapitia mara moja tu.

Hasara ipo, habari ya ghafla haingoji Jumatano. Hiyo tutaitoa siku yoyote, ila ile iliyopangwa karibu nayo isogezwe kwanza, zisigongane. Tunaanza Jumatatu ijayo.